Nikiondoa Kiingereza, sentensi zinavunjika

"Insha yangu imejaa machalenji, kuimpruvu na mengine ya aina hiyo. Nikibadilisha neno moja moja, sentensi zinakuwa za ajabu. Nakosea wapi?"

Ndugu, kinachokusumbua ni upatanisho wa kisarufi. Neno jipya mara nyingi huwa katika ngeli nyingine, kwa hiyo badilisha sentensi nzima. Tazama hii:

"Machalenji makubwa yaliyopo yanazuia wanafunzi kuimpruvu maksi zao."

"Machalenji" limeburuta viambishi vya LI-YA, ilhali "changamoto" iko I-ZI. Ukigusa nomino peke yake unabaki na "changamoto makubwa yaliyopo yanazuia", na sikio linakataa mara moja. Iwe hivi:

"Changamoto kubwa zilizopo zinazuia wanafunzi kuboresha alama zao."

Kitenzi nacho kina mtego. "Kuimpruvu" hubeba maana mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha: mtu huboresha kitu, lakini kitu chenyewe huboreka. "Matokeo yameimpruvu" ni "matokeo yameboreka". Ukiandika "yameboresha", msomaji atauliza yameboresha nini.

Usiguse "shule", "benki" wala "kompyuta". Hayo yameshakuwa Kiswahili sanifu. Ukipendelea "tarakilishi", sawa, ila litumie mwanzo hadi mwisho.

Kisha soma tena ukitafuta Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Hiki ndicho kigumu zaidi kukiona, kwa sababu kila neno ni letu. "Mwisho wa siku, elimu ni muhimu" haizungumzii jioni. Andika "hatimaye", au anza tu na "elimu ni muhimu".