Rimoti ya geti inashika nikiwa karibu tu

"Rimoti ya geti inakubali nikiwa hatua mbili tu. Ninunue mpya?"

Usinunue bado. Jaribu rimoti ya pili. Ikishika kwa mbali, shuku betri ya ile ya kwanza: ya volti 12 ikipima chini ya 11, ibadilishe, hata kama kitaa chake bado kinawaka.

Zote zikiwa dhaifu, huenda kosa liko upande wa geti. Zima umeme, fungua boksi la mota, utafute waya wa antena. Kwa rimoti za megahezi 433 huwa na sentimita 17 hivi, nao unyooke mbali na chuma. Mafundi wengi huukunja ndani au kuukata.

Waya ukiwa mzima, rudisha umeme, zima taa za LED za getini, ujaribu tena. Umbali ukirudi, taa ndizo zinazovuruga mawimbi.