Maswali na majibu: Ripoti imekuja kwa simu, na sasa unataka kumwandikia mtoto barua

Shule zimefungwa, na maswali mengi yaliyonifikia wiki hii ni ya ripoti. Nimeyajibu matano. Ripoti inayotajwa humu ni ya binti wa muulizaji wa kwanza, naye ameniruhusu niitumie bila jina.

Mwalimu, mimi niko Doha kikazi. Mke wangu amenitumia picha ya ripoti ya binti yetu wa Gredi ya 5. Nataka kumwandikia barua ya kumtia moyo, lakini alama nyingine hazisomeki vizuri. Nianzie wapi? (Baba, Kisauni)

Anzia kwenye alama zenyewe, na usiandike neno mpaka uwe na hakika nazo. Nilimfundisha mtoto ambaye baba yake alimpongeza kwa barua kwa kupata 88 za Hisabati, kumbe alikuwa na 38. Yule mtoto aliikunja barua akaitia begini, asiitaje tena. Aliponieleza baadaye alisema, "Baba hakuitazama ripoti yangu."

Picha yako ina kasoro mbili: taa imemetameta juu ya plastiki, na kivuli cha simu kimelala kwenye safu ya alama. Mwambie mama aitoe karatasi kwenye plastiki, ailaze mezani karibu na dirisha mchana, azime flashi, na ashike simu sawasawa juu ya karatasi mpaka pembe zote nne zionekane. Apige na upande wa nyuma kama una maandishi. Kwenye WhatsApp aitume kupitia Document badala ya Gallery, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa njiani na tarakimu ndogo huvurugika.

Kisha jumlisha mwenyewe. Kwenye picha yako nilisoma hivi: Kiingereza 61, Kiswahili 78, Hisabati 88, Sayansi na Teknolojia 55, Kilimo na Lishe 66, Maarifa ya Jamii 58, Sanaa Bunifu 81, Dini ya Kiislamu 84. Jumla yake ni 571, na chini ya ripoti mwalimu ameandika 521. Tofauti ya 50 kamili karibu kila mara ni 3 iliyosomwa kuwa 8 kwenye makumi. Ingekuwa 5, ningetafuta kosa hilohilo kwenye mamoja. Ingekuwa 60 au 6, ningeshuku 1 na 7.

Masomo yenye 8 kwenye makumi ni matatu, basi nikatazama safu ya viwango. Sanaa na Dini zina EE2, ambacho ni kiwango cha juu, na Hisabati ina AE1, ambacho kiko chini yake sana. Alama 88 haiwezi kukaa na AE1. Binti yako ana 38 za Hisabati, ndugu yangu, na sasa unaweza kuandika. Kama hesabu ingekataa hata baada ya hapo, ningekwambia umpigie mwalimu wa darasa, maana walimu pia hukosea kujumlisha.

Hizi herufi AE1 maana yake nini? Mtoto amefeli? (Mama, Likoni)

Hajafeli. EE ni kuzidisha matarajio, ME ni kufikia, AE ni kukaribia, na BE ni kuwa chini ya matarajio. Nambari 1 ni nusu ya juu ya kiwango, na 2 ni nusu ya chini. Katika mizani ya viwango 8 ya Baraza la Mitihani la Kenya, AE1 ni alama 31 hadi 40, na ME2 ni 41 hadi 57. Shule nyingine hutumia viwango 4 tu bila nambari, kwa hiyo soma kwanza ufunguo uliochapishwa kwenye ripoti yenyewe.

Kwa binti wa Kisauni mwenye 38, maana yake ni kuwa amebakisha alama 3 aingie ME2, na hilo ni jambo la kuandikwa wazi kwenye barua. Lakini angalia pia kwamba viwango havina upana mmoja. AE1 ina nafasi ya alama 10, ME2 ina 17. Mtoto anaweza kutoka 42 muhula huu akafika 56 muhula ujao, amejituma kwelikweli, na herufi zikabaki zilezile ME2. Ukitazama herufi pekee utamwambia hajasonga, naye amesonga alama 14.

Nilimwandikia mwanangu "lengo la Hisabati ni 60". Mama yake asema hilo si lengo. Nani ana haki? (Baba, Changamwe)

Mama yake. Mtoto akikaa mezani saa mbili usiku na daftari lake, hawezi "kufanya 60". Anahitaji kujua afanye nini kwa mkono wake, na hilo ripoti haikwambii. Ripoti inakuonyesha somo gani, na daftari linakuonyesha wapi ndani ya somo hilo.

Nilimwomba mama wa Kisauni anitumie kurasa za daftari zilizosahihishwa. Kuzidisha kulikuwa safi, na kugawanya kulikuwa na kosa moja moja. Kisha nikafika kwenye sehemu:

1/2 + 1/3 = 2/5

Na mstari wa chini yake:

2/3 + 1/4 = 3/7

Zote zina alama nyekundu. Mtoto huyu si mvivu wala hakubahatisha. Ana kanuni aliyojitungia, ya kujumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, na anaifuata kwa uaminifu. Ukimwambia "ongeza bidii" ataifuata kanuni hiyohiyo kwa bidii zaidi.

Dawa yake iko jikoni. Chukua mkate wa sinia, ukate vipande 6 vilivyo sawa. Nusu ya mkate ni vipande vingapi? Vitatu. Theluthi je? Viwili. Vikiwekwa pamoja ni vipande 5 katika 6, yaani 5/6. Sasa muulize: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Umekuwa na nusu, ukaongezewa theluthi, ukabaki na chini ya nusu? Mwache anyamaze hapo kidogo, asiharakishwe. Akishaona mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani, ndipo atakapotaka kujua kwa nini vipande lazima viwe vya ukubwa mmoja kabla ya kuhesabiwa.

Lengo likawa hili: hesabu 3 za sehemu kila jioni, siku 5 kwa wiki, kila moja ichorwe kwanza ndipo ikokotolewe. Mwisho wa wiki mama ampe 5 bila mchoro. Akipata 4, aende kwenye kutoa. Likirudi jibu la aina ya 2/5, abaki kwenye michoro wiki nyingine, na asionekane amerudishwa nyuma.

Masomo ni 8. Kila moja liwe na lengo lake? Na barua nzima huwaje? (Mama, Mikindani)

Kila somo liwe na lake, ila yasiwe na uzito mmoja. Watoto wetu wengi wakitoka shule huenda chuoni kusoma Kurani, na wakirudi Magharibi imeingia. Muda uliobaki kabla ya kulala ni mdogo, na hata likizoni usiujaze wote. Nampa mtoto kazi ya kila siku kwenye masomo mawili tu, zisizidi nusu saa kwa pamoja. Mengine huyapachika kwenye mambo ambayo angeyafanya hata hivyo. Somo lenye EE pia nalipa lengo, na mara nyingi huwa ni kumfundisha mtu mwingine, kwani mtoto aliyefanya vizuri akiachwa bila neno hudhani hakuonekana.

Hii ndiyo barua aliyoandika baba wa Kisauni, nami nimeigusa kidogo tu.

*Mwanangu mpenzi,*

*Ripoti yako nimeisoma mara mbili, mbele na nyuma. Mwalimu wako ameandika kwamba unawasaidia wenzako kusoma. Hukuniambia hilo. Nimelifurahia kuliko alama yoyote.*

*Dini una 84. Likizo hii mfundishe mdogo wako sura moja fupi mpaka aisome bila wewe. Sanaa una 81. Nichoree ule mlango wa nakshi wa nyumba ya bibi Mji wa Kale, na misumari yake yote, nami nitaubandika ukutani kwangu. Kiswahili una 78. Kila Ijumaa niandikie nusu ukurasa wa jambo uliloliona kwa macho yako, nami nitakujibu.*

*Hisabati una 38. Umebakisha 3 uingie kiwango kinachofuata. Mama amenionyesha daftari lako, na kuzidisha unakujua. Kinachokukwaza ni sehemu, na hata mimi zilinikwaza. Kila jioni fanya 3 kwa kuchora mkate kwanza. Jumamosi tutafanya moja pamoja kwenye simu.*

*Kiingereza una 61. Msomee mama kwa sauti dakika 10 kila usiku, na uandike maneno mawili usiyoyajua.*

*Kilimo una 66 na Sayansi 55, basi hizi zifanye kazi moja. Panda mchicha kwenye makopo mawili, moja juani na moja kivulini. Kila Jumamosi pima urefu kwa rula na uandike. Baada ya wiki tatu uniambie umeona nini na unadhani ni kwa nini.*

*Jamii una 58. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Mjomba atakupeleka. Nitafutie ni nani waliowatoa, na mwaka gani.*

*Nakupenda, babako.*

Utaona barua haikumtaja binamu wala nafasi ya darasani, na haikuahidi baiskeli. Hisabati imewekwa katikati, ili mtoto asiianze barua kwa uchungu wala asiimalize nao. Na kila lengo lina mtu anayelisubiri. Ahadi ya Jumamosi baba asipoitimiza, ni bora asingeiandika.

Je, niiweke picha ya ripoti kwenye grupu la familia ili ami zake wampe moyo? (Shangazi, Bamburi)

Hapana. Ripoti ina jina kamili, shule na nambari ya mwanafunzi, na picha ikishaingia grupu la watu hamsini huwezi kuirudisha. Tena binamu zake wataisoma 38 kabla ya kusoma 84. Ami anayetaka kumpa moyo apewe jambo moja la kumuuliza: "Mchicha wako umefika wapi?"

Na barua usimsomee kwenye simu ya mkononi. Iandikwe kwa mkono kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha yenye jina lake, na aifungue mwenyewe. Kama baba yuko mbali, mama aiandike kama alivyoituma, asipunguze wala asiongeze lake.