"Na mimi nalipwa lini? 😉"

Bili ikishaleta kizungumkuti mezani kwenye mtoko wa kwanza, usiku huohuo itarudi kwa meseji. Mwenye aibu yake atatafuta pa kuitua, na utani wa kimahaba ndio mlango ulio karibu. Ya mwisho iliyonifikia mimi ilisomeka hivi: "Mrembo, sato mzima nimekulipia. Na mimi nalipwa lini? 😉"

Nieleze mezani palikuwaje, maana jibu lilitokana na hapo. Tulikuwa Sinza. Yeye alikula mbuzi, kilo nzima, mimi sato na ndizi za kukaanga. Pamoja na vinywaji bili ikaja 70,000. Nikafungua pochi, akasema "acha bwana". Akaingiza lipa namba: salio halitoshi. Mhudumu kasimama, anaangalia dari kwa adabu. Nikarudia kuchangia, akakataa tena, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi hela ilikuwa imeingia, akalipa yote, na tangu hapo hadi kwenye bajaji stori zikawa za hali ya hewa.

Kwa hiyo meseji ile sikuisoma kama tongozo tupu. Mwanaume aliyekopa mbele yako anataka kujua umemwonaje, na "nalipwa lini" ni namna ya kuuliza bila kuuliza. Lakini hata kama anatania, ameshaweka deni mezani bila kusema la kiasi gani. Hapo ndipo pa kuangalia. Deni lisilo na kiasi huongezeka kadiri mdai anavyopenda, na leo busu, kesho "njoo ghetto". Mimi hulitajia kiasi kwanza, halafu utani unajitegemea.

Nilimjibu: "Sato alikuwa mtamu, asante sana. Nusu yangu ni 35,000, nikutumie na ya kutolea? Hayo mengine tutaongea yakiwa hayana risiti 😄"

Hiyo "ya kutolea" ndiyo iliyolainisha jibu. Bila hiyo, 35,000 inasomeka kama hasira. Na angalia kwamba nimeuliza, sijatuma. Kumrushia mtu hela saa tano usiku bila kumwambia, hapa kwetu, ni kumwambia tumemalizana. Kama ndicho unachotaka, sawa, ila ujue umesema hivyo.

Meseji yake ya kwanza haikuniambia mengi. Ya pili ndiyo ya kupimia mtu. Yeye aliandika: "Tuma 20, mbuzi nilimla mimi 😂." Nikacheka peke yangu kitandani. Nikatuma 20,000 na ya kutolea, nikasubiri aseme imeingia, ndipo na mimi nikamchokoza kwa meseji nyingine kabisa, isiyotaja chakula. Angesema "achana nayo, utanunua juisi siku nyingine" ningeridhika vilevile, na nisingemlazimisha, kwa sababu kung'ang'ania kulipa ni kumkumbusha simu ile ya nje.

Lipo jibu la tatu, na nimewahi kulipata kwa mwingine: "Hela sitaki, unajua ninachotaka." Huyo hachekeshi tena. Usimjibu kwa emoji, hata ya aibu, kwa sababu ataichukua kuwa ni ndiyo. Andika kavu: "Kama ni bili, nusu yangu ipo. Kitu kingine hakikuwa kwenye menyu." Akirudia, tuma nusu, hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni lake, na usifute ujumbe wa muamala. Akiirudisha, usitume tena, mtarushiana hadi asubuhi. Akianza kutukana au kutishia, mazungumzo ya bili yamekwisha: hifadhi meseji, mfungie, mwambie mtu wako wa karibu.

Kuna dada zangu watasema mwanaume akikutoa alipe, na ukitaja nusu unamshusha. Sibishani na anayelipa kwa moyo. Huyo hata hivyo haandiki "nalipwa lini".

Kaka zangu nanyi hupata zenu. Binamu yangu aliletewa "mwanaume mzima unapiga hesabu ya chipsi 😜" baada ya kuikagua bili iliyokuwa imezidishwa soda mbili. Nilimwambia asijitetee kwa aya ndefu, wala asiahidi hoteli ya Masaki ili kufuta aibu. Akajibu: "Zile soda mbili nimeziokoa, nitakununulia wiki ijayo." Kiasi kimetajwa, mwaliko upo, na binti akikataa hajapoteza kitu.

Mimi na wa Sinza, kabla ya kutoka tena, niliandika mapema: "Safari hii nachagua mimi mahali, chipsi mayai na mishikaki, nalipa mimi, wewe beba nauli yako." Akaniuliza kama mishikaki ina kikomo. Nikamwambia minne.