Kamati inakubali jopo lilikosea sheria, na bado unashindwa

ICSID ni kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya wawekezaji na serikali, na uamuzi wa jopo lake la wasuluhishi unaitwa tuzo. Memo yangu ya kwanza ya kuomba tuzo ya ICSID ibatilishwe ilikuwa ndefu kweli, na karibu yote nilikuwa nalia tu kwamba wasuluhishi wameielewa sheria vibaya na ushahidi wameupima ovyo. Bosi akanirudishia na swali moja juu kwa kalamu: "Hii ni 52 ipi?" Sikuwa na jibu.

Kifungu cha 52 cha Mkataba wa ICSID kina sababu tano basi: jopo halikuundwa ipasavyo, limevuka mamlaka yake waziwazi, msuluhishi amekula rushwa, kanuni ya msingi ya utaratibu imekiukwa vibaya, au tuzo haina sababu. Kukosea sheria haimo humo, na kifungu cha 53 kinakwambia rufaa hakuna.

Kesi ya kukaa nayo ni CMS dhidi ya Argentina. CMS, mwekezaji wa Marekani, alikuwa na hisa kwenye kampuni ya kusafirisha gesi ya huko, mgogoro wa uchumi ukaja, serikali ikavuruga utaratibu wa bei, na mwaka 2005 jopo likampa CMS kama dola milioni 133. Argentina ilikuwa imejitetea kwa hali ya dharura, kwa njia mbili: kifungu cha XI cha mkataba wake wa uwekezaji na Marekani, na sheria ya kimila ya kimataifa. Jopo likazichanganya, masharti magumu ya ile ya kimila likayabebesha kifungu cha XI. Mwaka 2007 kamati ya watu watatu, ile inayosikiliza maombi ya kubatilisha, ikasema wazi kabisa hilo ni kosa la sheria, na kama wao wangekuwa mahakama ya rufaa wangelazimika kuiangalia tuzo upya. Lakini sio. Jopo lilikitumia kifungu cha XI, vibaya ndio, ila lilikitumia, kwa hiyo halikuvuka mamlaka. Kilichobatilishwa ni sehemu moja tu iliyokosa sababu, na hela zote zikabaki vilevile maana zilisimama pia kwenye kosa lingine la kutomtendea mwekezaji haki.

Sasa soma kesi ya Sempra, mwekezaji mwingine dhidi ya Argentina hiyohiyo, utetezi uleule, hoja za jopo karibu zilezile. Mwaka 2010 kamati nyingine ikafuta tuzo nzima ya kama dola milioni 128, ikisema jopo halikukitumia kabisa kifungu cha XI. Mimi naona kamati hii ilichungulia rufaa kwa dirishani, ila ndo ilivyoandikwa. Kwa hiyo ukikaa kuandaa ombi (una siku 120 tangu tuzo itolewe), usiandike "walikitafsiri vibaya", tafuta kwenye tuzo ukurasa ambao jopo liliruka sheria iliyopaswa kutumika, au hoja yako nzito ambayo halikuijibu, uuonyeshe. Usipoupata mwambie mteja mapema.

Tena mwambie hata mkishinda kamati haiandiki hukumu mpya, inafuta tu, na mwekezaji akitaka anaanza upya mbele ya jopo jipya.