Wadogo zangu wa fildi, acheni kunakili matangazo ya kazi

Kila msimu wa fildi ni yale yale. Bosi wa duka anasema "andika tangazo", nanyi mnafungua la kampuni kubwa, mnabadilisha jina na kulituma kwenye magrupu ya WhatsApp.

1. Anza na siku ya kazi, sifa za mwombaji zije baadaye. Chukua duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, watu sita, linatafuta mtunza stoo. Tangazo la kunakili linadai shahada ya ugavi, uzoefu wa miaka mitano, mwanamume, umri usiozidi 30. Aliyeshinda stoo miaka minane na cheti chake cha kidato cha nne analisoma na kupita. Wenye shahada wanajaza barua pepe, wanafika kwenye usaili, wanasikia mshahara, wanaaga. Bosi analalamika kwamba vijana hawataki kazi, kumbe tangazo ndilo limewafukuza.

Kaa na bosi dakika ishirini, daftari mkononi. Akifungua mlango asubuhi, mtu huyu anafanya nini? Anapokea simenti, anahesabu mifuko na kulinganisha na delivari noti, anaandika kwenye leja, anatoa mzigo kwa risiti, na Jumamosi jioni anahesabu stoo nzima. Sasa kila sifa itafutie kazi yake humo. Kuandika na hesabu zimo. Uzoefu wa mwaka mmoja unatetewa na leja. Shahada haina kazi pale, ifute.

"Mwanamume" ndiyo itakayoleta ubishi. Bosi atasema simenti ni nzito, na kweli mfuko ni kilo 50. Muulize anayeushusha ni nani. Kama ni kuli, hoja imekufa. Kama ni mtunza stoo mwenyewe, andika kazi yenyewe: "atashusha mifuko ya kilo 50". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, umri, ujauzito na hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Kinachoruhusiwa ni sharti linalotoka ndani ya kazi yenyewe. Umri wa miaka 30 hautoki kwenye leja.

2. Mshahara uandikwe, na useme kama ni kabla ya makato au wa mkononi. "Mshahara mnono" hausaidii mtu wa Mbagala anayepiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi Tegeta.

3. Omba wasifu na wadhamini wawili, basi. Nakala ya kitambulisho cha NIDA subiri hadi umpate mtu. Weka namba ya duka, si yako. Fildi ikiisha bado utapigiwa. Andika pia kwamba hakuna malipo yoyote ya kuomba, maana matapeli wa "ada ya fomu" wamewachosha watu.

Kabla ya kutuma, msomee kuli mmoja pale dukani. Akiuliza, "Na hiyo Jumamosi mnatoka saa ngapi?", rudi kwa bosi.