Nusu ya juu 10 V, nusu ya chini 9 V: THD ya ampu ni ngapi?

"Wakuu, nimeingiza sini ya 1 kHz kwenye ampu ya transista mbili za kupokezana, haina fidibaki. Kwenye skopu nusu ya juu inafika 10 V, ya chini 9 V. FFT inaonyesha 2 kHz na 4 kHz, lakini 3 kHz hakuna kitu. Kwa nini, na THD ni ngapi?"

Mkuu, hayo ni mawimbi mawili yaliyopandana:

```
y = 9.5 sin(ωt) + 0.5 |sin(ωt)|
```

Jaribu kwenye vilele: 9.5 + 0.5 ni 10, na −9.5 + 0.5 ni −9. Kasoro yote imekaa kwenye kipande cha pili, ambacho ni sini iliyopita kwenye rektifaya ya daraja, sawa na ile ya pawa saplai. Mfululizo wake wa Fourier ni huu:

```
|sin ωt| = 2/π − (4/π)[cos(2ωt)/3 + cos(4ωt)/15 + cos(6ωt)/35 + ...]
```

Rektifaya ikishageuza nusu ya chini kuwa juu, umbo linajirudia mara mbili katika kila mzunguko wa sini. Ndiyo maana unapata hamoniki shufwa peke yake.

Zidisha kwa 0.5. Hamoniki ya 2 inakuwa 0.212 V, ya 4 ni 0.042 V, ya 6 ni 0.018 V. Chukua mzizi wa jumla ya miraba yao, pamoja na vijidogo vinavyofuata: 0.218 V. Gawa kwa 9.5, THD ni asilimia 2.3 hivi. Angalia pia kwamba ya 2 ni mara tano ya ile ya 4, yaani tofauti ya 14 dB. Kama FFT yako haionyeshi pengo hilo, basi kuna kasoro nyingine imejichanganya humo.

Wengi hunaswa kwenye 2/π. Hiyo ni DC, kwako ni 0.318 V. Ukipima baada ya kapasita ya kutokea, au skopu ikiwa kwenye AC, DC inaondoka na wimbi lote linashuka: utasoma 9.68 V juu na 9.32 V chini, uone kama kosa ni dogo kuliko lilivyo. THD haijabadilika hata kidogo. Pima kabla ya kapasita, skopu ikiwa DC. Na kama kuna DC ya mapumziko hapo, ipime kwanza bila ishara kisha uitoe.

Sasa punguza ishara mpaka kilele kiwe kama 1 V. THD ikibaki 2.3, transista zako hazilingani kwa gini. Tafuta jozi inayolingana. Ikipanda, na 3 kHz ikaanza kuchomoza, bayasi ni ndogo na wimbi linakatika pale transista zinapopokezana. Ikishuka sana, ile 9 V ilikuwa nusu ya chini inagonga dari la volteji, na hapo hesabu yangu ya juu haikuhusu.