Nani alipie akiba ya tahadhari iliyo kwenye ghala la msambazaji?

Katika kazi yangu ya ununuzi kiwandani, mazungumzo haya hukwama karibu kila mara mahali pamoja. Unamwomba msambazaji akuwekee akiba ya kipuri ambacho kikikosekana kazi inasimama, naye anakujibu, "Sawa, lakini ghala utalipa wewe." Mnaanza kuvutana kuhusu nafasi ya rafu, wakati nafasi ndiyo sehemu ndogo ya gharama yenyewe.

Kabla ya kuzungumzia malipo, nenda na idadi. Msambazaji akisikia "tuwekee akiba ya kutosha" atakadiria juu, na gharama atakazokutajia zitakuwa za makadirio hayo. Chukua mfano wa kiwanda cha pampu kinachotumia beringi 200 kwa wiki kwa wastani. Matumizi ya wiki hupishana na wastani huo, na mchepuko sanifu, ule ambao Excel hukutolea kwa STDEV.S, ni 40. Msambazaji huchukua wiki 9 kutengeneza oda mpya. Mchepuko hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wiki, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3, kwa hiyo 40 mara 3 ni 120. Ukitaka usipungukiwe katika mizunguko 95 kati ya 100 ya kuagiza, unazidisha kwa 1.65 na kupata 198. Waambie 200. Hesabu hii inachukulia kwamba wiki 9 hazibadiliki. Kama huyo msambazaji huchelewa mara kwa mara, idadi lazima ipande. Na kama tatizo lako ni mzigo kukwama njiani, akiba iliyoko kwake haikusaidii chochote. Hiyo iweke kwako.

Sasa gharama. Tuseme beringi moja ni 100 kwa fedha yoyote unayotumia, basi akiba yote ina thamani ya 20,000. Msambazaji akidai asilimia 20 ya thamani hiyo kwa mwaka, yaani 4,000, usikatae wala usikubali. Mwombe aichambue. Tuseme asilimia 12 ni mtaji wake uliolala, 4 ni nafasi na bima, na 4 ni hofu ya kubaki na beringi ambazo hazina mnunuzi mwingine pale utakapobadilisha muundo wa pampu.

Hofu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiondoa kwanza, kwa sababu anayeamua kubadilisha muundo ni mimi, si yeye. Ninaandika kwenye mkataba kwamba tukiacha kutumia beringi hiyo, tutanunua zote zilizobaki, zikiwa nzima, mradi hazizidi 200. Kwa kuwa hatari imehamia kwetu, hana sababu ya kuitoza tena. Inabaki asilimia 16, yaani 3,200 kwa mwaka. Manunuzi ya mwaka mzima ni beringi 10,400, thamani yake 1,040,000, kwa hiyo tunabishania chini ya theluthi moja ya asilimia moja ya manunuzi. Nikiionyesha hesabu hii pande zote mbili, sauti hushuka mezani.

Mimi hukubali kulipa kiasi hicho, ila si ndani ya bei. Kikiingia kwenye bei hakitoki tena, hata akiba ikivunjwa. Tena oda zikipungua nusu, msambazaji atarudishiwa nusu tu ya gharama yake huku rafu imejaa vilevile, naye ataanza kuipunguza akiba kimyakimya. Kiwe mstari wake kwenye ankara ya kila mwezi, kikome siku akiba inapokoma. Kama kampuni yako inapata mtaji kwa riba nafuu kuliko yeye, mnaweza pia kuzinunua beringi na kuziacha kwake. Hapo unalipia nafasi na bima tu. Lakini ziwe na lebo ya jina lenu na ziandikwe kuwa mali yenu, maana akifilisika wadai wake watadhani ni zake.

Ukishaanza kulipa, hakikisha akiba ipo kweli. Ripoti ya mwezi haitoshi. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwenye boksi linalokufikia. Mkikubaliana kwamba za zamani hutoka kwanza, na akiba ni matumizi ya wiki moja, basi kila beringi inayotoka kwake inapaswa kuwa na umri wa takriban wiki moja au zaidi. Boksi zikianza kuja na tarehe ya jana yake, ama za zamani zinaozea nyuma ya rafu, ama akiba imekwenda kwa mteja mwingine. Mkataba ukupe haki ya kwenda kuhesabu, na useme kwamba ikishuka chini ya 200 bila oda yako kuichukua, malipo ya mwezi huo hayadaiwi.

Mpe pia muda wa kuijenga. Beringi 25 za ziada kila wiki kwa wiki 8 zinafikisha 200 bila kuvuruga uzalishaji wake, na malipo yapande kadiri idadi inavyopanda.